Mfuko wa dharura au kulipa deni: jinsi ya kugawa ziada ndogo ya mwezi

Ziada ya mwezi ni kile kinachobaki baada ya matumizi ya lazima na baada ya kulipa rejesho la kawaida la kila deni. Kama kuna rejesho lililochelewa, bado huna ziada: lipa kwanza lililochelewa, kwa sababu faini ya kuchelewa kwa kawaida huja juu ya riba yenyewe. Mgawanyo tunaouzungumzia hapa unaanza pale ambapo kila deni linalipwa kwa wakati na bado kuna chochote mkononi.

Ushauri unaosikika zaidi ni kwamba riba ya deni ni kubwa kuliko riba ya akiba, kwa hiyo kila senti iende kwenye deni. Kwa mtu mwenye ziada kubwa ushauri huo unatosha. Kwa mwenye ziada ndogo una kasoro moja: unalinganisha riba ya akiba na riba ya deni ulilo nalo, wakati kitu cha kulinganisha ni riba ya deni utakalolazimika kuchukua siku dharura ikikukuta mikono mitupu. Mkopo wa haraka wa siku 30 mara nyingi ni ghali kuliko ule unaoukimbilia kuumaliza.

Tuchukue mfano, kwa sarafu yoyote ile. Deni ni 1,200, riba ni asilimia 4 kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya salio lililobaki. Rejesho la kawaida ni 80, na ziada ni 60. Watu wawili wana hali hii hii. Wa kwanza anaongeza 60 zote kwenye rejesho, kwa hiyo analipa 140 kila mwezi. Wa pili anaendelea na 80, na zile 60 anaziweka pembeni kwa miezi minne mpaka zifike 240.

Mwisho wa mwezi wa nne, wa kwanza anadaiwa takriban 809. Wa pili anadaiwa 1,064, lakini ana 240 mkononi. Tofauti ya madeni yao ni 255, kwa hiyo kuweka akiba kumemgharimu wa pili kama 15 za riba. Kuanzia hapo, kuendelea kushika 240 badala ya kuzipeleka kwenye deni kunamgharimu karibu 10 kwa mwezi, yaani asilimia 4 ya 240. Hiyo ndiyo bei ya mfuko wa dharura, na inafaa kuifikiria kama ada ya bima: unailipa hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika.

Sasa mwezi wa tano inakuja gharama ya lazima ya 240. Wa pili anatoa akiba yake, mambo yanaishia hapo, na, ili kurahisisha hesabu, tuseme anaelekeza 60 zake kwenye deni kabla ya kuujaza mfuko tena. Wa kwanza anakopa 240 kwa asilimia 15 kwa mwezi. Mwezi unapoisha anatakiwa kurudisha 276, naye ana 60 tu. Mkopo unasogezwa mbele na kutozwa asilimia 15 tena juu ya kilichobaki. Itamchukua miezi saba kuumaliza, na atakuwa amelipa kama 394 kwa kitu cha 240. Katika miezi hiyo yote deni lake la zamani linapata 80 tu. Ukijumlisha kila kitu, pamoja na faida aliyoipata mwanzoni kwa kupunguza deni haraka, mwisho wa miezi hiyo saba yuko nyuma ya mwenzake kwa takriban 113.

Lakini kama dharura haikuja kabisa, wa kwanza anamaliza deni mwezi wa 11 na wa pili mwezi wa 14, ingawa wa pili anamaliza akiwa na 240 zake. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, gharama ya ukubwa huo huwa inanipata angalau mara moja kwa mwaka? Kwa kaya nyingi zenye kipato kidogo, jibu ni ndiyo.

Basi mfuko uwe na ukubwa gani? Si miezi mitatu wala sita ya matumizi. Lengo hilo ni la baadaye, deni la riba kubwa likishaisha. Ukiwa bado unalipa asilimia 4 kwa mwezi, kushika akiba kubwa ni kulipa bima kupita kiasi. (Asilimia 4 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini riba ikiachwa ijilimbikize mwaka mzima inafika karibu asilimia 60.) Rudi nyuma miezi 12, andika kila gharama ya ghafla iliyokufanya ukope au uchelewe kulipa, iache ile moja kubwa kuliko zote, kisha chukua inayofuata kwa ukubwa. Hicho ndicho kiasi cha kuanzia.

Katika orodha hiyo wengi huchanganya dharura na gharama zinazojulikana. Karo, kodi ya nyumba inayolipwa kwa mkupuo na leseni ya kila mwaka si dharura, maana tarehe yake unaijua. Gawanya jumla ya mwaka ya kila moja kwa 12 na uiingize kwenye matumizi ya mwezi kabla hujahesabu ziada. Usipofanya hivyo, mfuko utaisha kila mwaka mwezi uleule, na utadhani una bahati mbaya.

Mfuko ukifika kiasi hicho, ziada yote iende kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Kugawa nusu kwa nusu tangu mwanzo hakupendezi sana: akiba inachelewa kutosha kwa dharura hata moja, na deni nalo halishuki kwa kasi. Mfuko ukitumika, ziada inarudi kuujaza kwanza, kisha deni linaendelea.

Kuna hali mbili zinazobadilisha hesabu hii yote. Ya kwanza ni mkopo ambao riba yake ilipangwa siku ya kwanza juu ya kiasi chote na kugawanywa katika marejesho. Hapo kulipa mapema huenda kusikupunguzie chochote. Muulize mkopeshaji: nikimaliza leo, nadaiwa ngapi kamili? Jibu likiwa sawa na jumla ya marejesho yaliyobaki, usiongeze hata senti. Peleka ziada kwenye akiba, au kwenye deni jingine.

Ya pili ni deni linalokuruhusu kuchukua tena ulichorudisha, kama ovadrafti au kadi ya mkopo. Hapo kila unacholipa kinafungua nafasi ya kukopa kwa riba ileile, kwa hiyo mfuko unaweza kuwa mdogo zaidi, pengine nusu. Usiufute kabisa. Mkopeshaji anaweza kupunguza kikomo chako bila kukuuliza, na huelekea kufanya hivyo pale kipato chako kinapoyumba, siku zilezile ambazo ungeihitaji nafasi hiyo.