Ucheleweshaji Huanzia Wapi? Kusoma Kumbukumbu za GPS za Magari ya Kusambaza Bidhaa

Mteja wa mwisho kwenye ruti ndiye hulalamika sana, na mara nyingi kituo chake hakina kosa lolote. Gari lilichelewa mapema, yeye akapokea deni la wenzake. Kwa hiyo swali la kuuliza kumbukumbu za GPS ni moja: dakika zimepotelea wapi? Ukiishia kutazama gari lilifika saa ngapi, utamlaumu asiyehusika.

Kwanza weka saa sawa. Vifaa vingi huhifadhi muda kwa UTC, ambayo iko saa 3 nyuma ya Afrika Mashariki. Ukiona 04:30, hapo ni 07:30, yaani saa 1:30 asubuhi. Kwenye Excel, kama muda uko safu ya A, andika:

```
=A2+TIME(3,0,0)
```

Tumia muda uliorekodiwa na kifaa, usitumie ule ambao taarifa zilipokelewa na mfumo. Gari likipita pasipo na mtandao, kifaa hutunza taarifa na kuzituma baadaye kwa mkupuo.

Sasa tuchukue mfano wa gari linalotoka ghala la Vingunguti, Dar es Salaam, na kushusha Kariakoo, Magomeni, Mwenge na Tegeta. Ratiba inasema liondoke saa 1:30 na kufika Tegeta saa 4:50. Siku hiyo limeondoka saa 1:35, likafika Tegeta saa 5:27, dakika 37 nyuma ya ratiba. Mwenye duka la Tegeta amekasirika, na anayo haki.

Ukirudi nyuma kituo kwa kituo, picha inabadilika. Gari lilifika Kariakoo likiwa nyuma kwa dakika 7, likaondoka likiwa nyuma kwa dakika 32. Magomeni liliingia likiwa nyuma kwa 33, Mwenge kwa 35. Toa deni la kuingia kwenye deni la kutoka: Kariakoo peke yake imezalisha dakika 25. Safari nzima ya kutoka hapo hadi Tegeta imeongeza 5 tu. Ukiongeza gari la pili la Tegeta, umetumia fedha mahali pasipouma.

Siku moja bado haithibitishi kitu. Fanya hesabu hiyo kwa kila kituo kwa siku 12 za kazi, kisha hesabu ni siku ngapi kituo kimezalisha zaidi ya dakika 10. Usitegemee wastani. Ruti iliyochelewa dakika 1 kwa siku 11, kisha saa 2 siku gari lilipoharibika, ina wastani wa karibu dakika 11, ilhali haina tatizo la kujirudia. Panga dakika kutoka ndogo hadi kubwa utazame za katikati. Kwenye Excel, kama ziko safu ya F:

```
=MEDIAN(F2:F13)
=COUNTIF(F2:F13,">10")
```

Tuseme Kariakoo imevuka dakika 10 katika siku 10 kati ya 12. Hapo ndipo pa kuchimba, na hapa ndipo wengi hukosea. Mfumo unasema gari lilikaa kituoni dakika 55 badala ya 30, na haraka inasemwa kwamba vibarua wanashusha polepole. Lakini mfumo huhesabu gari limefika pindi linapoingia ndani ya duara lililochorwa kuzunguka duka. Duara likiwa na nusu kipenyo cha mita 200, foleni ya mtaa wa jirani nayo inahesabiwa kuwa ni kushusha mzigo.

Fungua nukta zenyewe za dakika hizo 55. Dakika 28 za mwanzo gari liko mita 180 kutoka dukani, injini inawaka, mwendo ni sifuri au kilomita 3 kwa saa. Kisha linafika mlangoni, injini inazimwa, na kushusha kunachukua dakika 27, ndani ya muda uliopangwa. Vibarua hawana kosa. Gari lilikosa pa kusimama. Hakikisha kwa saa iliyoandikwa kwenye hati ya kupokelea mzigo.

Jihadhari na jambo moja unaposoma nukta hizo. Katikati ya maghorofa, gari lililosimama huweza kuonekana likiruka makumi ya mita, na kituo kimoja kikavunjika kuwa vitatu vifupi. Vituo vilivyo karibu na kupishana kwa chini ya dakika 2 viunganishe kabla ya kuhesabu. Kuzimwa kwa injini nako kusiwe kipimo pekee cha kusimama, maana gari lenye jokofu huweza kushusha injini ikiwaka.

GPS haitakwambia kwa nini nafasi ya kusimama haikuwepo. Muulize dereva na mwenye duka: pengine saa hiyo malori ya jumla yamejaza mtaa. Jaribu kuanza na Kariakoo nusu saa mapema, kisha linganisha Jumatatu na Jumatatu, Ijumaa na Ijumaa, kwa duara lile lile la awali. Ukilipunguza duara katikati ya jaribio, dakika zitashuka kwenye karatasi hata kama foleni haijapungua.