Kukata pembe nyeusi za picha ya lenzi kuukuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Chukua picha moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Umesimama Ndia Kuu, mgongo umegusa ukuta, na ng'ambo ya njia, mita 5 kutoka kwenye lenzi, kuna mlango wa kuchonga na juu yake mihimili ya roshani. Kamera ina sensa ya milimita 36 kwa 24, picha yake ni pikseli 6000 kwa 4000. Lenzi ni ya zamani, milimita 28. Filta yake ya UV imeganda kwa chumvi ya bahari, haifunguki hata kwa dawa, na juu ya filta hiyo umefunga nyingine ya kukata mng'ao. Fremu za filta mbili zimesogea mbele kiasi cha kuingia kwenye picha, na pembe zote nne zimetoka nyeusi.

Ushauri utakaopewa ni mmoja: kata tu. Ni ushauri mzuri, ila umezungukwa na maneno mengi yasiyo kweli.

"Giza ni giza. Ongeza mwanga pembeni, litaondoka."

Kuna giza la aina mbili. La kwanza huongezeka polepole kutoka katikati kwenda pembeni, kwa sababu mwanga unaoingia kwa mshazari huwa hafifu, na lenzi ikiwa imefunguliwa wazi sehemu ya mwanga huo hukatwa na mwili wa lenzi yenyewe. Hili linaweza kuinuliwa kwenye programu bila kukata chochote, ingawa pembe zitakuwa na chenga kidogo. La pili limeletwa na kitu kilichoziba njia: filta, kivuli cha lenzi, au lenzi iliyotengenezewa sensa ndogo. Pale mwanga haukufika, kwa hiyo hakuna cha kuinua.

Kuzitofautisha ni rahisi. Piga ukuta mweupe kwa f/2.8, kisha kwa f/8. Giza la kwanza litapungua sana ukifika f/8. La pili halipungui. Ukingo wake ndio kwanza unakuwa mkali, kama umechorwa. Na kama picha imeshapigwa na huwezi kurudi, fungua faili la RAW, inua mwanga wa pembe hatua tatu. Ukiona chokaa na nyufa za ukuta, usikate. Ukiona chenga za rangi tupu, kata.

"Nimepunguza asilimia 15 tu, kwa hiyo nimepoteza asilimia 15."

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu neno "asilimia" linatumika bila kusema ni asilimia ya nini.

Pima kwanza. Kutoka katikati ya picha yetu hadi ncha ya pembe yake ni pikseli 3600 na kidogo. Kwenye picha ya ukuta mweupe, weusi unaanza pikseli 3070 hivi kutoka katikati. Ndani ya duara hilo, kipande kikubwa zaidi chenye umbo lilelile la picha ni 5100 kwa 3400, yaani asilimia 85 ya kila upande. Lakini eneo ni upana mara urefu: kutoka pikseli milioni 24 umebaki na milioni 17.3. Zaidi ya robo ya picha imekwenda.

Pembe ya mtazamo nayo ina hesabu yake. Lenzi ya milimita 28 kwenye sensa hiyo huona nyuzi 65.5 kwa upana. Baada ya kukata zimebaki 57.3, pungufu ya nyuzi 8, ambayo ni kama asilimia 12 na nusu. Ni kana kwamba ulipiga kwa lenzi ya milimita 33. Kwa hiyo kukata kulekule kunaweza kuitwa 15, 28 au 12 na nusu, na hakuna aliyedanganya.

Mimi hupenda kuhesabu kwa mita za ukuta, maana ndizo zinazouma. Umbali wa mita 5, picha nzima ilibeba ukuta wa mita 6.43 kwa upana na 4.29 kwenda juu. Baada ya kukata umebaki na 5.46 kwa 3.64. Ni nusu mita kasoro kila upande, na sentimita 32 juu na chini. Kamera ikiwa imeshikwa sawasawa, mita 1.6 kutoka chini, picha nzima ilifika mita 3.74 juu ya ardhi; iliyokatwa inaishia 3.42. Mihimili ya roshani iko mita 3 na nusu. Imekwenda yote.

Kwa uchapishaji hasara ni ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Pikseli 5100 kwa 3400 zinatosha karatasi ya A3 kwa karibu nukta 290 kila inchi.

"Basi rudi nyuma hatua moja, utaupata upana wako."

Kurudisha ule upana wa mita 6.43 kwa picha itakayokatwa hivyo, ungehitaji kusimama mita 5.9. Nyuma yako kuna ukuta wa mtu. Na hata kama pangekuwa na uwanja, picha isingekuwa ileile: ukisogea, uwiano wa vilivyo mbele na vilivyo nyuma hubadilika. Kukata hakubadilishi uwiano huo hata kidogo, kunaondoa kingo tu.

"Lazima ukate katikati, na umbo libaki lilelile."

Si lazima. Kilichokubana ni duara, na ndani ya duara maumbo mengi yanaenea. Ukitaka upana, umbo la 16 kwa 9 linakupa pikseli 5340 hivi kwa upana, kuliko zile 5100, lakini unalipa kwa urefu. Ukitaka urefu wote wa picha, mraba wa 4000 kwa 4000 unaenea bila pembe hata moja nyeusi.

Kwa mlango wetu, kuta za pembeni ni chokaa tupu na chini kuna mawe ya njia. Chenye thamani kiko juu. Basi acha ukingo wa juu mahali pake, kata pembeni zaidi na chini kidogo, umbo la 5 kwa 4. Kwenye GIMP, chagua Crop, na kwenye mipangilio yake andika:

```
Position: 690, 0
Size: 4620, 3696
```

Pembe za juu za kipande hicho ziko pikseli 3056 kutoka katikati, bado ndani ya duara. Jumla ni pikseli milioni 17.1, karibu sawa na kile kipande cha kwanza. Ukuta umebaki mita 4.95 kwa upana, lakini juu unafika tena mita 3.74, mihimili ipo, na chini kizingiti cha mlango kimebaki pamoja na mawe kidogo mbele yake.

Kabla ya kuhifadhi, kuza pembe zote kwa asilimia 100. Ikiwa tatu ni safi na moja bado ina weusi, duara halikuwa katikati ya sensa. Hutokea adapta ikilegea au filta ikifungwa upande. Usipunguze picha nzima kwa ajili ya pembe moja. Sogeza kipande pikseli chache kuikimbia pembe hiyo, uangalie tena.