Ukubwa wa kizingiti: msambao wa nyutroni na mpindo wa fluksi

Tangu mpango wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Buyende, Uganda, uanze kuzungumzwa, swali moja hunirudia kila ninapokaa na wanafunzi: ikiwa jenereta ya dizeli hupatikana ndogo ya dukani na kubwa ya kiwandani, kwa nini kinu cha nyuklia kisitengenezwe kidogo kadiri mtu apendavyo? Jibu limo katika mlinganyo mmoja mfupi, na anayepika kwa sigiri ameshaliona nusu yake. Kaa moja la moto likitolewa sigirini na kuwekwa chini huzima baada ya dakika chache, ilhali lililobaki katikati ya wenzake huendelea kuwaka, kwa sababu joto linalolitoka hupokewa na majirani. Katika kinu, kinachotoroka ni nyutroni. Nyutroni huzaliwa katika ujazo wote wa kinu lakini hutorokea kwenye uso wake tu, na kinu kinapopunguzwa, uso hupungua polepole kuliko ujazo.

Tuchukue hali iliyo rahisi kuliko zote: kinu ambacho mafuta na kipunguza mwendo vimechanganywa sawasawa kila mahali, na ambacho hakina kiakisi cha kurudisha nyutroni ndani. Vinu vya umeme haviko hivyo, lakini hesabu ya hali hii huonyesha wazi kinachoamua ukubwa.

Nyutroni hugongana na viini, hubadili mwelekeo kila mara, na kwa jumla huhama kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache. Uhamaji huu ndio msambao, na kiasi chake hupimwa kwa kigawo D. Kwa kila sentimita ya ujazo tunahesabu mambo matatu: zinazoingia kwa msambao, zinazofyonzwa, na zinazozaliwa kwa mpasuko wa urani. Hali isipobadilika na wakati, jumla yake ni sifuri:

```
D∇²φ − Σₐφ + k∞Σₐφ = 0
```

Hapa φ ni fluksi ya nyutroni, yaani wingi wa nyutroni ukizidishwa kwa mwendo wake, ∇²φ hupima jinsi fluksi inavyopinda, Σₐ ni uwezekano wa nyutroni kufyonzwa katika kila sentimita ya safari yake, na k∞ ni idadi ya nyutroni za kizazi kipya kwa kila moja iliyofyonzwa, kana kwamba kinu hakina mwisho na hakuna inayotoroka.

Tukigawanya kote kwa D, hujitokeza uwiano Σₐ/D, ambao kinyume chake, D/Σₐ, huandikwa L². Huyu L ndiye urefu wa msambao, na wengi humchanganya na umbali ambao nyutroni husafiri kati ya mgongano na mgongano. Katika grafiti umbali huo ni sentimita 2 na nusu hivi, ilhali L ya grafiti safi ni karibu sentimita 59, kwa kuwa nyutroni hugongana mara nyingi sana kabla ya kufyonzwa. Maana yake kamili ni hii: ukipima umbali wa mstari mnyoofu kutoka pale nyutroni iliyokwisha kupunguza mwendo ilipoanzia hadi pale ilipofyonzwa, wastani wa mraba wa umbali huo ni 6L². Katika maji ya kawaida L ni karibu sentimita 2.85 tu, kwa sababu hidrojeni hufyonza zaidi.

Kilichobaki cha mlinganyo huandikwa hivi:

```
∇²φ + B²φ = 0,   B² = (k∞ − 1)/L²
```

B² ndio mpindo. Jina linatokana na umbo la grafu ya fluksi, ambayo hupanda katikati ya kinu na kushuka kuelekea kingo kama mgongo wa upinde. Kila nyutroni ya ziada inayozaliwa lazima itoroke ili hali itulie, na fluksi hutoa nyutroni nje pale tu inapopinda. Kwa hiyo k∞ ikiwa kubwa, mpindo unaweza kuwa mkali na kinu kikawa kidogo. Huu ni mpindo unaotokana na maada. Upo pia unaotokana na umbo: kwa tufe la nusukipenyo R, fluksi inayofika sifuri ukingoni hudai (π/R)², na kwa mchemraba wa upande a hudai 3(π/a)². Kizingiti, yaani hali ambamo mnyororo wa mipasuko hujiendesha bila kukua wala kufifia, hufikiwa mipindo hii miwili inapolingana.

Sasa tuweke namba za kukadiria, zinazokaribia mchanganyiko wa urani asilia na grafiti. Tuseme k∞ ni 1.05 na L² ni sentimita za mraba 350. L hapa ni ndogo kuliko ya grafiti safi kwa sababu urani nayo hufyonza. Mwanafunzi atapata B² = 0.05/350, kisha R = sentimita 263, na ataridhika. Amekosea. Nyutroni huzaliwa na mwendo mkali na husafiri mbali wakati zikipunguza mwendo, kabla safari ambayo L huipima haijaanza. Safari hiyo ya kwanza ina eneo lake, nalo huongezwa kwenye L². Tukilichukua kuwa 350 pia, jumla ni 700, na R inakuwa sentimita 372. Ujazo unapanda kutoka mita za ujazo 76 hadi karibu 215. Tufe lile la sentimita 263 lingejengwa, kila nyutroni 1,000 zingezaa takriban 955 tu katika kizazi kinachofuata, na mnyororo ungefifia.

Tazama pia jinsi maada inavyoadhibu uchafu. k∞ ikishuka kutoka 1.05 hadi 1.04, R hufika sentimita 416 na ujazo huongezeka kwa asilimia 40. Mnamo 1941 mwanafizikia Walther Bothe alipima grafiti nchini Ujerumani na kuona inafyonza kupita kiasi. Kosa halikuwa la kaboni bali la uchafu uliokuwamo, lakini Wajerumani waliiacha grafiti wakafuata maji mazito.

Kuhusu ukingo, fluksi haifiki sifuri usoni kabisa bali mbele kidogo, umbali wa karibu 2.13D. Kwa grafiti hiyo ni chini ya sentimita 2, na katika tufe la mita 7 naipuuza bila wasiwasi. Katika kinu cha sentimita chache isingepuuzika, na hapo mlinganyo wenyewe huanza kulegea, kwani hauaminiki karibu na mpaka wala karibu na kifyonzaji kikali.

Kinu cha kwanza, kilichojengwa Chicago mwaka 1942 chini ya uongozi wa Enrico Fermi, kilikusudiwa kuwa tufe. Urani na grafiti zilizofika baadaye zilikuwa safi zaidi, mpindo wa maada ukapanda, na juu pakaachwa bapa kabla tufe halijakamilika. Kimo kilikuwa takriban mita 6, upana zaidi ya 7. Kila matabaka yalipoongezwa walipima wingi wa nyutroni karibu na katikati, wakachora kinyume chake, kwa kuwa wingi huo hukua bila kikomo kizingiti kinapokaribia na kinyume chake hushuka kuelekea sifuri. Mstari ulionyesha kwamba tabaka la 57 lingetosha. Liliwekwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba, fimbo za kadmi zinazofyonza nyutroni zikiachwa ndani hadi asubuhi.