Gradienti haielekezi kileleni

Nikiwachorea wanafunzi kilima na kuwauliza gradienti ya pale waliposimama inaelekea wapi, wengi hunyoosha mkono kuelekea kileleni, na mkono wenyewe huinuka kidogo kufuata mgongo wa kilima. Jibu hilo lina makosa mawili, na yote mawili yanatokana na ile sentensi tunayowapa haraka haraka darasani: gradienti ni mwelekeo wa mpando mkali kuliko yote. Sentensi ni sahihi. Tatizo ni kwamba inataka kusomwa neno kwa neno.

Tuchukue kilima kimoja tukae nacho hadi mwisho. Kilele chake kiko mahali pa (0, 0), x inapimwa kwa mita kuelekea mashariki, y kwa mita kuelekea kaskazini, na kimo cha kila mahali, kwa mita, ni:

```
h(x, y) = 900 - 0.001x² - 0.004y²
```

Kilele kina mita 900. Angalia namba 0.001 na 0.004: ukitoka kileleni kwenda kaskazini au kusini, kilima kinaporomoka mara nne zaidi kuliko ukienda mashariki au magharibi. Kwa hiyo kina mgongo mrefu uliolala mashariki hadi magharibi, na mbavu zake za kaskazini na kusini ni kali.

Sasa simama mita 100 mashariki ya kilele na mita 50 kaskazini yake, yaani kwenye (100, 50). Kimo cha hapo ni 900 − 10 − 10, mita 880. Swali la kwanza: ukipiga hatua kwenda mashariki tu, y ikiwa imetulia, kimo kinabadilika kwa kasi gani? Tunatafuta derivativu ya h kwa x, nayo ni −0.002x, yaani −0.2. Kila mita moja ya mashariki inakushusha sentimita 20. Ukienda kaskazini tu, derivativu ni −0.008y, yaani −0.4. Kila mita ya kaskazini inakushusha sentimita 40. Weka namba hizo mbili pamoja, umepata gradienti:

```
∇h(100, 50) = (-0.2, -0.4)
```

Vekta hii ina viungo viwili tu, cha mashariki na cha kaskazini. Haina kiungo cha juu. Maana yake inalala kwenye karatasi ya ramani, haipandi na kilima. Mkono ulioinuka darasani umekosea hapo: gradienti inakuambia uelekeze dira wapi, na urefu wake ndio unaosema ardhi itakuinua kiasi gani. Urefu huo ni kipeuo cha pili cha 0.04 + 0.16, karibu 0.447. Yaani kwa kila mita 100 za mlalo unapanda mita 44.7, mteremko wa asilimia 45 hivi, au nyuzi 24.

Je, hatua ya upande mwingine wowote? Hapa ndipo inapoingia derivativu ya mwelekeo. Chagua mwelekeo, uandike kama vekta u yenye urefu wa 1, kisha zidisha kiungo kwa kiungo na gradienti na ujumlishe. Sababu ni nyepesi: karibu kabisa na ulipo, ardhi laini inafanana na ubao ulioinamishwa, na kwenye ubao hatua ya mshazari inapandisha kiasi cha sehemu yake ya mashariki kujumlisha sehemu yake ya kaskazini.

Tujaribu mwelekeo wa kileleni. Kutoka (100, 50) kilele kiko upande wa (−2, −1). Urefu wa vekta hiyo ni √5, basi tunaigawa tupate (−0.894, −0.447). Tukizidisha:

```
(-0.2)(-0.894) + (-0.4)(-0.447) = 0.358
```

Ukikikabili kilele moja kwa moja unapanda kwa asilimia 35.8. Ukifuata gradienti unapanda kwa 44.7. Kwa dira, kilele kiko nyuzi 243, magharibi-kusini-magharibi, ilhali gradienti inaelekeza nyuzi 207, kusini-kusini-magharibi. Tofauti ni nyuzi 37, si ya kupuuzwa. Gradienti haijui kilele kiko wapi. Inajua ardhi iliyo chini ya miguu yako tu, na ardhi hiyo inasema ubavu mkali uko kusini, panda huo kwanza.

Ukiendelea kuitii hatua kwa hatua, njia yako itakuwa mkunjo unaofuata y = 50(x/100)⁴. Ukifika x = 80, y imeshashuka hadi 20. Ukifika x = 50, y ni mita 3 tu. Umekwea ubavu hadi mgongoni, kisha ukakata kona na kufuata mgongo hadi kileleni. Kwenye kilima hiki unafika. Kwenye ardhi ya kweli yenye vichuguu na vilele vidogo unaweza kuishia kwenye kichuguu, kwa sababu kileleni pa chochote, kikubwa au kidogo, gradienti ni (0, 0) na haina la kusema tena.

Wanafunzi husahau sana kugawa kwa √5. Ukiacha (−2, −1) jinsi ilivyo unapata 0.8, mpando wa asilimia 80. Kosa hili lina alama yake: hakuna mwelekeo unaoweza kukupandisha kuliko urefu wa gradienti. Jibu lolote linalozidi 0.447 hapa ni batili, na karibu kila mara chanzo ni vekta ambayo haikufanywa kuwa na urefu wa 1.

Kwa nini hakuna kinachoweza kuzidi? Kuzidisha vekta mbili kwa namna ile ni sawa na kuzidisha urefu wa gradienti kwa kosaini ya pembe iliyo kati yake na mwelekeo wako:

```
D = |∇h| cos θ
```

Kosaini haivuki 1, na inafika 1 pale tu pembe ni sifuri, yaani unapoelekea kule kule gradienti inakoelekea. Huo ndio uthibitisho wote wa "mpando mkali kuliko yote". Mstari huo huo unatoa mengine bure. Ukigeuka nyuma kabisa, kosaini ni −1, umepata mteremko mkali kuliko yote. Ukigeuka nyuzi 90, kosaini ni sifuri: hupandi wala hushuki, unatembea juu ya kontua. Ndiyo maana gradienti hukata kontua kwa pembe mraba, na ndiyo maana unaweza kuisoma kwa macho kwenye ramani bila hesabu. Ramani yenye kontua kila mita 20, ukikuta mistari miwili imeachana mita 45 za ardhini, gawa 20 kwa 45, upate 0.44. Kwa skeli ya 1:50,000 mita hizo 45 hazifiki hata milimita moja, kwa hiyo utaona kama mistari imeshikana.

Kosaini ndiyo inayojenga barabara za milimani pia. Tuseme kwenye (100, 50) unataka njia ya baiskeli isiyozidi asilimia 10. Unahitaji kosaini ya 0.1 gawanya kwa 0.447, yaani 0.224, ambayo ni pembe ya nyuzi 77 kutoka kwenye gradienti. Njia yako italala nyuzi 13 tu juu ya kontua. Na kwa kuwa kosaini haitofautishi kushoto na kulia, una chaguo mbili zilizo sawa, moja kila upande. Ukizibadilisha kwa zamu unapata konakona. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanazijua usiku ule wa kutoka Kibo Hut, penye takriban mita 4,700, kwenda Gilman's Point karibu mita 5,685: changarawe imelegea, na njia inakwenda kushoto, kulia, kushoto. Wakati wa kushuka wengi hukata changarawe moja kwa moja, mwelekeo ulio kinyume cha gradienti, na konakona zote zinarukwa.

Kuna mtego mwingine, na huu huwapata hata watu wazoefu. Gradienti inahitaji x na y zipimwe kwa kipimo kile kile cha h. Data za kimo zilizokusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, zile za SRTM ambazo wengi wetu tunazitumia, zina kimo kwa mita lakini mahali kwa digrii za latitudo na longitudo. Digrii moja ya latitudo ni kama mita 111,000. Shamba tambarare linaloinuka mita 1 kwa kilomita litahesabiwa kuwa linainuka mita 111 kwa kila "1", na programu isiyobadilisha vipimo yenyewe itakupa mteremko wa nyuzi 89.5. Ramani nzima ikitoka na nyuzi 89 kila mahali, usitafute kosa kwingine. Kwa programu ya `gdaldem`, hasa matoleo ya kabla ya GDAL 3.11 yasiyobadilisha vipimo yenyewe, dawa yake ni:

```
gdaldem slope kimo.tif mteremko.tif -s 111120
```

Kwa Moshi, nyuzi 3 kusini ya ikweta, hiyo inatosha, maana digrii ya longitudo na ya latitudo hapo zinatofautiana kwa chini ya asilimia 1. Peleka amri hiyo hiyo Oslo, karibu nyuzi 60 kaskazini, na mambo yanaharibika kimya kimya: kule digrii ya longitudo ni nusu tu ya ile ya latitudo. Ubavu unaopanda kaskazini-mashariki kwa gradienti ya (0.3, 0.3) utasomeka (0.15, 0.3). Mteremko umepungua, na mwelekeo umehama kutoka nyuzi 45 za dira hadi 27. Namba zinaonekana za kawaida kabisa, hakuna nyuzi 89 ya kukushtua. Kule badilisha kwanza ramani iwe ya mita, kwa UTM au mfumo mwingine wa hapo, ndipo uhesabu.

Na hatimaye, ile hoja ya ubao ulioinamishwa ina sharti: ardhi iwe laini hapo ulipo. Sharti likivunjika, kanuni inavunjika. Chukua f = x²y/(x² + y²), ikiwa na 0 kwenye (0, 0). Kwenda mashariki kutoka hapo ni bapa, kwenda kaskazini ni bapa, kwa hiyo ukikusanya namba mbili unapata (0, 0) na utatangaza kwamba pande zote ni bapa. Lakini tembea kaskazini-mashariki, x na y zikiwa sawa: f inakuwa x/2, na mpando ni asilimia 35. Derivativu ya kila mwelekeo ipo, unaweza kuihesabu moja moja, ila hakuna ubao mmoja unaozibeba zote. Ukiwa na shaka na mahali kama hapo, chagua mwelekeo wa tatu usio wa mashariki wala kaskazini, hesabu mpando wake moja kwa moja kutoka kwenye kimo, kisha ulinganishe na ule unaotolewa na gradienti. Zikiachana hata baada ya kufupisha hatua yako mara kadhaa, gradienti ya mahali hapo usiitumie.