Jumla ya miraba: kanuni kukubali kwa namba tatu hakutoshi

Dhana: Ili kupata 1² + 2² + … + n², jumlisha namba kwanza, kisha jibu lipige mraba.

Ukweli: Chukua n = 2. Miraba yenyewe inatoa 1 + 4 = 5, lakini (1 + 2)² ni 9. Ile 4 iliyozidi ni 2 × 1 × 2, inayojitokeza ukifungua mabano.

Dhana: Kanuni ikikubali kwa n = 1, 2 na 3, basi ni sahihi.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanaponaswa, hata wenye kasi ya kuhesabu. Jaribu (5n² − 7n + 4)/2. Utapata 1, kisha 5, kisha 14, na hizo ndizo jumla zenyewe. Nenda kwenye 4: kanuni inasema 28, ilhali 1 + 4 + 9 + 16 ni 30. Kanuni inayoishia kwenye n² ina namba tatu za kuchagua, kwa hiyo majibu matatu yoyote yanaweza kutengenezewa kanuni yake.

Dhana: Kanuni sahihi ya jumla hii, n(n + 1)(2n + 1)/6, ni ya kukariri tu.

Ukweli: Inatoka mahali panapoonekana wazi. Anza na

(k + 1)³ − k³ = 3k² + 3k + 1

Andika mstari huu kwa k = 1, 2, hadi n, kisha jumlisha yote. Upande wa kushoto 2³ inafutana na 2³, 3³ na 3³, na kinachobaki ni (n + 1)³ − 1 tu. Jumla tunayoitafuta tuiite S, na tukumbuke kwamba 1 + 2 + … + n ni n(n + 1)/2:

(n + 1)³ − 1 = 3S + 3n(n + 1)/2 + n

Iangalie ile n ya mwisho. Ni 1 iliyojumlishwa mara n, na mwanafunzi akiharakisha huiacha ikiwa 1. Kosa hilo lina hila, kwa sababu kwa n = 1 jibu bado linatoka sawa. Kwa n = 2 ndipo linaumbuka: 26 = 3S + 9 + 1, na S inakuwa 16/3. Miraba ya namba nzima haiwezi kujumlishwa ikatoa sehemu.

Ukiiandika vizuri, hamisha na utoe (n + 1) nje ya mabano:

3S = (n + 1)(n² + n/2) = n(n + 1)(2n + 1)/2

Gawanya kwa 3, umefika.

Sasa majaribio madogo yana uzito ambao hayakuwa nao mwanzo. Hatua hizi zimeonyesha kwamba kanuni ya jibu inaishia kwenye n³, na kanuni mbili za namna hiyo zikikubaliana mahali panne tofauti ni kanuni moja. Kwa hiyo jaribu 0, 1, 2 na 3: zinatoka 0, 1, 5 na 14. Ukitaka ya tano, 4 × 5 × 9/6 = 30, palepale ilipoanguka ile kanuni iliyoishia kwenye n².