Makadirio ya kodi: mshahara unatoka ng'ambo, wewe uko nyumbani

Ukiajiriwa na kampuni iliyopo Tanzania, kodi ya mshahara huioni. Mwajiri anaikata kabla hela haijaingia benki na kuipeleka TRA kila mwezi, na hiyo ndiyo PAYE inayoandikwa kwenye karatasi ya mshahara. Sasa chukua mtu anayekaa Morogoro, ameajiriwa na kampuni ya Stockholm, Sweden, isiyo na ofisi wala tawi nchini, na anafanya kazi kwa kompyuta yake sebuleni. Mshahara unamfikia mzima. Wengi walio katika hali hii huamini kwamba kwa kuwa hakuna aliyekata kitu, hakuna wanachodaiwa. Hapo ndipo deni linapoanza kujijenga kimyakimya.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inaangalia kwanza kama wewe ni mkaazi. Hapa ukaazi si uraia. Ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo hata kwa sehemu tu ya mwaka, wewe ni mkaazi wa mwaka huo. Asiye na makazi ya kudumu huhesabiwa siku zake, na zikifika 183 naye ni mkaazi. Huyu wa Morogoro, anayeishi kwake mwaka mzima, hana mjadala. Mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani, kwa hiyo hata mshahara aliouacha kwenye akaunti ya nje bila kuuleta nyumbani umo kwenye hesabu. Isitoshe, kazi yenyewe inafanyika Morogoro, na mapato ya ajira huhesabiwa kuwa na chanzo mahali kazi inapofanyika.

Je, Sweden nayo haitadai? Tanzania na Sweden zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, uliotiwa saini mwaka 1976. Kwa mkataba huo, mshahara wa mkaazi wa Tanzania unatozwa Tanzania peke yake, isipokuwa kazi iwe imefanyika Sweden. Akiitwa Stockholm kwa wiki kadhaa kufanya kazi ofisini, malipo ya siku hizo Sweden inaweza kuyatoza, naye anapaswa kutunza ushahidi wa kodi aliyolipa kule ili ipunguzwe kwenye ile ya hapa.

Kwa nini basi mwajiri hakati? Wajibu wa kukata PAYE umewekwa juu ya mwajiri aliye mkaazi wa Tanzania, na kampuni ya Stockholm siyo. Sheria imeliona pengo hilo. Mwenye ajira ambayo mwajiri wake hawajibiki kukata, anawekwa kundi moja na mfanyabiashara katika namna ya kulipa: anakadiria mwenyewe kodi ya mwaka mzima na kuilipa kwa awamu nne, tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Hayo ndiyo makadirio. Neno hili watu wa dukani wanalijua vizuri, lakini waajiriwa wengi hawajawahi kulisikia likiwahusu.

Kabla ya makadirio ipo TIN. Inatolewa bure, na mwenye namba ya NIDA anaweza kuiomba kwa mtandao. Tatizo ninaloliona mara kwa mara ni la mtu aliyechukua TIN isiyo ya biashara alipotafuta leseni ya udereva, akadhani usajili umekwisha. Namba ni ileile na haibadiliki maishani, ila TRA haijui kwamba una mapato ya kukadiria. Nenda ofisi ya TRA ya wilaya yako na mkataba wa ajira mkononi, ueleze kwamba mwajiri yuko nje na hakati PAYE, ili taarifa zako zirekebishwe. Usikubali kuingizwa kwenye utaratibu wa wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kwa mauzo, kwa sababu mshahara si mauzo.

Tufanye hesabu. Mtu wetu ameanza kazi tarehe 1 Juni, na kabla ya hapo mwaka huo hakuwa na kipato. Mshahara wake ukibadilishwa ni shilingi 2,500,000 kwa mwezi, nao unalipwa mwisho wa kila mwezi. Juni hadi Desemba ni miezi saba, yaani 17,500,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 3,240,000 za kwanza za mwaka hazitozwi kitu, kisha asilimia inapanda kutoka 8 hadi 20 hadi 25. Anayefika 12,000,000 kodi yake imeshakuwa 1,536,000, na kila shilingi inayozidi hapo inatozwa asilimia 30. Zilizozidi kwake ni 5,500,000, na asilimia 30 yake ni 1,650,000. Jumla anadaiwa 3,186,000. Awamu ya Machi ilishapita kabla hajaanza, hivyo zimebaki tatu, na kila moja ni 1,062,000.

Angalia jambo moja hapo. Angetumia jedwali la mwezi, lile ambalo waajiri hukatia PAYE, angepata 578,000 kwa mwezi, ambayo kwa miezi saba ni 4,046,000. Ni 860,000 zaidi ya anachodaiwa, kwa sababu jedwali la mwezi linachukulia kwamba umelipwa miezi yote kumi na miwili. Mwaka unaofuata, akifanya kazi miezi yote, njia zote mbili zitakutana kwenye 6,936,000, na awamu itakuwa 1,734,000.

Mshahara ukipanda katikati ya mwaka, makadirio yanarekebishwa na awamu zilizobaki zinabeba tofauti. Malipo yenyewe hupitia namba ya kumbukumbu, ile kontroo namba, kwa benki au simu.

Kwenye kumbukumbu ndiko ninakoona watu wakiumia zaidi. Kila mshahara unabadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku ile ulipopokelewa, kwa hiyo andika tarehe, kiasi cha fedha za kigeni na kiwango cha siku hiyo. Kinachotozwa ni mshahara wote, si kile kilichobaki baada ya makato ya kampuni ya kutuma fedha. Bando, umeme na kompyuta navyo havipunguzi kodi ya mwajiriwa. Gharama hizo hupunguzwa kwa mwenye biashara, kwa hiyo usome mkataba vizuri: kama unasema wewe ni mtoa huduma unayejitegemea na unapeleka ankara, unasimama upande wa biashara, na hapo kila risiti ya EFD ina thamani. Na kama kampuni ya nje imekuajiri kupitia kampuni ya Tanzania inayokulipa kwa niaba yake, basi hiyo ya hapa ndiyo mwajiri anayekata PAYE, na suala la awamu linaondoka kwa upande wa mshahara huo.

Mwaka ukiisha, ritani inawasilishwa ndani ya miezi sita, mwisho tarehe 30 Juni. Hapo makadirio yanakutanishwa na mapato halisi, na kilichopungua kinalipwa. Mapato ya ajira yanahesabiwa siku unayolipwa, hivyo mshahara wa Desemba ukichelewa ukaingia tarehe 3 Januari, ni wa mwaka mpya, na kwa mtu wetu wa Morogoro kodi ya mwaka wa kwanza ingeshuka kwa 750,000.