Kidonda pembeni mwa ulimi: lini tunangoja, lini tunakata kinyama cha kupima maabara

Mtu akifika na kidonda mdomoni, cha kwanza anachokitaja ni maumivu, na kama hayapo anajipa moyo kwamba si kitu. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kidonda cha kawaida huuma kupita ukubwa wake; kidoa cha punje ya mchele kinatosha kukunyima achari ya embe wiki nzima. Saratani ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi, au inawasha kidogo kama mtu aliyejing'ata. Ndiyo maana maumivu siyapi uzito mkubwa. Ninachotaka kujua ni mambo matatu: kina siku ngapi, kiko wapi, na kikiguswa kikoje.

Vile vya kawaida ni vile vinavyokuja na kuondoka vyenyewe, wengine huwa navyo tangu utotoni. Ni vya duara au umbo la yai, upana wa milimita 2 hadi 5 na mara chache kukaribia 10, chini pana utando wa manjano-kijivu na pembeni pana pete nyekundu. Vinapenda ngozi laini ya mdomo: ndani ya midomo, mashavuni, chini ya ulimi. Huuma sana siku tatu nne za mwanzo, kisha hupona ndani ya siku 7 hadi 14 bila kuacha kovu. Wapo na ndugu zao wakubwa, wanaozidi milimita 10 na kukaa hata wiki sita, na hao huonekana zaidi kwa mtu mwenye VVU. Hawa hutuchanganya, na wakikawia hupimwa kama wengine. Ila kitambulisho kizuri kuliko vyote ni kuhama. Kilichokuwa shavuni mwezi uliopita kikapona, leo kimetokea mdomo wa chini, hicho ni cha kawaida. Saratani haihami, hukaa palepale.

Sasa kidole. Vaa glovu, shika ncha ya ulimi kwa shashi, uvute mbele kisha upande mmoja, hadi uone pembeni kabisa kule nyuma karibu na magego. Sehemu hiyo mtu akijitazama kwenye kioo haioni, na ndiyo mojawapo ya sehemu ambazo saratani ya ulimi hupenda kuanzia. Bonyeza kidonda taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Cha kawaida ni laini, sawa na nyama iliyokizunguka. Kinachotutia shaka kina ugumu chini yake, kama kifungo cha shati kimezikwa ndani ya ulimi. Ukingo wake umeinuka na kujikunja nje kama mdomo wa chungu, na ukikigusa hutoka damu upesi. Halafu pitisha vidole chini ya taya na shingoni kutafuta tezi ngumu, hasa zisizouma.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58 wa Makorora, Tanga, anakula tambuu yenye popoo na tumbaku tangu ujanani na huiweka upande wa kushoto. Ana kidonda pembeni mwa ulimi, kushoto, nyuma, milimita 12 kwa 8, na kwa maelezo yake kina siku 10. Pembeni yake kuna gego la chini lililovunjika, ncha yake inaingia kwenye kidonda barabara. Amekipaka dawa ya zambarau, kwa hiyo rangi halisi haionekani, na inabidi kusukutua na kufuta kwanza. Ukibonyeza, kinauma na ni kigumu kidogo tu.

Jino lile ni mtego. Linaweza kuwa ndilo lililoleta kidonda, na linaweza kuwa jirani tu. Njia ya kujua ni kuliondoa kwenye hesabu: lisagwe ncha au ling'olewe, na kama mgonjwa ana meno bandia yanayokwaruza apumzike nayo. Kidonda kipimwe kwa rula, vipimo viandikwe, kipigwe picha, na tarehe ya kurudi iwe siku ya 14, iandikwe kwenye kadi. Mama aache tambuu, asukutue kwa maji ya chumvi. Dawa ya kupaka ya steroidi simpi katika wiki hizo mbili, kwa sababu inaweza kupunguza wekundu na maumivu huku tatizo likibaki, nasi tukadhani kinapona. Na asiweke aspirini juu ya kidonda. Huunguza na kuacha utando mweupe unaofunika kila kitu.

Siku ya 14 anarudi akisema, "Alhamdulillahi, nimepona." Kweli hakiumi tena, kwani ncha ya jino haimchomi. Lakini rula inasema milimita 12 kwa 9, na ugumu umeongezeka. Kidonda cha jino kilichoondolewa chanzo chake kingekuwa kimefunga au kimesinyaa waziwazi. Hiki lazima kikatwe kinyama, na nafuu ya maumivu isituzuie. Kama angekuja tangu siku ya kwanza na kidonda cha wiki tano, kigumu, chenye kingo zilizoinuka, tusingengoja hizo siku 14. Jino lingesagwa na kinyama kingechukuliwa bila kuchelewa. Vivyo hivyo kidonda kinachoambatana na ganzi ya mdomo, jino linalolegea bila sababu, au baka jekundu au jeupe lisilofutika.

Kukata kinyama chenyewe ni kazi ya dakika chache. Ganzi ya lignokaini yenye adrenalini huchomwa pembeni ya kidonda, si ndani yake, ili nyama isivimbe na kuharibika. Tunachukua kipande ukingoni, chenye sehemu ya kidonda na sehemu kidogo ya nyama nzima, na kina cha kutosha, milimita 4 au 5. Katikati ya kidonda tunapaacha. Huko mara nyingi hupatikana nyama iliyokufa na usaha, na maabara itajibu kwamba ni uvimbe wa kawaida. Kosa lingine ni kuminya kipande kwa koleo mpaka chembe zikapondeka. Kipande huingizwa mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake angalau mara 10 ya kipande. Maji au maji ya chumvi hayahifadhi, na kwenye joto la Tanga kipande kitaoza kabla hakijafika maabara. Kidonda kinachoshukiwa hatukikati chote siku hiyo, kwani daktari atakayefanya upasuaji mkubwa anahitaji kuona mipaka yake.

Kuna watu husema kinyama kikikatwa saratani "inachokozwa". Hapana, kinachoipa nafasi ya kusambaa ni miezi ya kupaka dawa bila kuijua.

Jibu likisema ni saratani, mgonjwa anapelekwa kwa wapasuaji wa kinywa na taya, na mionzi ikihitajika kuna hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Likisema "uvimbe sugu usio na sababu maalumu" huku kidonda bado kigumu na hakipungui, sifungi faili. Nakata tena, mahali pengine kwenye ukingo, kwa kina zaidi.